Jana ya Gazeti

Kesi ya Nyerere ya 1958, hapa Dar es Salaam, ilimalizika kwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Hukumu ilitoka siku gani hasa? Hapo ndipo ninapowavulia kofia watunza nyaraka. Hawashiki tarehe iliyo juu ya ukurasa. Hutafuta neno "jana". Gazeti la Jumanne, Agosti 12, likisema "jana", maana yake Jumatatu, tarehe 11. La wiki likisema "Jumatatu" tu, kalenda ya 1958 huonyesha ni ipi. Magazeti yakigongana, huuliza kwanza: hili linataja hukumu, au kulipwa kwa faini? Mara nyingi ugomvi huishia hapo. Usipoisha, huomba jalada la mahakama.