Tangazo la Mistari Minne Linavyosikika

Chukua tangazo la kubuni kama yale yanayosambazwa kila wiki, likitoka kwenye kundi la WhatsApp kwenda kwenye barua pepe, na kutoka huko kwenda kwenye SMS:

```
━━━━━━━━━━━━
🔥🔥 **𝗠𝗞𝗨𝗧𝗔𝗡𝗢 𝗪𝗔 𝗪𝗔𝗭𝗔𝗭𝗜** 🔥🔥
➤ **Siku:** Jumamosi
➤ **Saa:** 3 asubuhi
```

Anayeona hupata ujumbe kwa kutupa jicho mara moja. Mzazi asiyeona, anayetumia NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, hana jicho la kutupa. Kisoma skrini humsomea maandishi kwa mfuatano. Wazoefu huharakisha kwa kushuka mstari mmoja mmoja: wakisikia neno la kwanza, wanaamua kama wabaki hapo au wasonge mbele. Kwa hiyo mwanzo wa mstari ndio mahali penye thamani kubwa kuliko pote, na hapo ndipo mtunzi alipoweka mioto miwili, mshale na nyota.

Emoji zina majina, na kisoma skrini huyataja: moto, moto, kisha kichwa, kisha moto, moto tena. Mshale nao unaweza kutajwa kwa jina lake refu. Kuhusu nyota, inategemea kiwango cha alama alichochagua mtumiaji. Katika NVDA kiwango kinaanzia kutotaja alama zozote hadi kuzitaja zote, na kila mtu huchagua kinachomfaa. Mtunzi hawezi kujua msomaji wake amechagua kipi.

Lakini alama mbaya kuliko zote hapa haionekani kuwa alama. Ile 𝗠 nene ya kichwa si M ya alfabeti iliyokolezwa wino. Ni herufi ya kihisabati yenye namba U+1D5E0, ilhali M ya kawaida ni U+004D. Herufi hizo zimo kwenye Unicode kwa ajili ya waandishi wa fomyula, wanaohitaji kutofautisha aina za M katika mlinganyo mmoja. Tovuti za kutengeneza “fonti za urembo” zimezichukua tu. Baadhi ya visoma skrini huzigeuza kuwa herufi za kawaida na kusoma neno vizuri. Vingine hutaja kila herufi peke yake kwa jina lake la kihisabati, na vingine huziruka, hivyo mzazi hupata siku na saa bila kujua ni za nini. Matoleo mapya ya NVDA yana mpangilio wa kuzirudisha katika hali ya kawaida. Hata pale zinaposomeka, mtu akitafuta neno “mkutano” kwenye barua zake huenda asilipate.

Sasa tuje kwenye zile nyota mbili mbili. Kwenye programu inayoelewa Markdown zingetoweka na kuacha maandishi mazito. WhatsApp hutumia nyota moja kila upande, kwa hiyo mbili hazifanyi kazi iliyokusudiwa, na kwenye SMS hazina maana yoyote. Mtunzi aliziandika kwa ajili ya jukwaa moja bila kujua tangazo litasomewa wapi. Na hata zingefanya kazi, NVDA kwa mpangilio wake wa kawaida haitangazi kwamba neno ni zito. Jambo la kusisitizwa lazima lisisitizwe kwa maneno.

Hii haina maana kwamba mpangilio wote ni adui. Kwenye ukurasa wa wavuti, kichwa kilichotengenezwa kama kichwa halisi humwezesha mtumiaji wa NVDA kubonyeza `H` na kuruka moja kwa moja hadi kichwa kinachofuata. Huo ni muundo ambao programu inaujua. Mstari wa ━━━ ni mchoro wa muundo tu, na hakuna kitufe kinachouruka.

Pasipojulikana jukwaa, vinavyobaki salama popote ni sentensi, nukta na mstari mpya:

```
Mkutano wa wazazi ni Jumamosi.
Utaanza saa 3 asubuhi.
```

Neno la kwanza ni “Mkutano”. Kwenye SMS kuna faida nyingine ya mfukoni: ujumbe wa herufi za kawaida huchukua hadi herufi 160, lakini emoji moja tu hushusha kikomo hadi 70, na kila 𝗠 nene huhesabiwa mara mbili.

Anayeona anaweza kukagua hili bila kubahatisha. NVDA ni ya bure. Iwashe, bandika tangazo kwenye Notepad, shuka mstari kwa mstari, usikilize linavyosomwa. Matokeo yatakuwa ya kompyuta hiyo na sauti hiyo tu. Simu ya mwingine itasema tofauti kidogo, hasa kwenye alama.