Kukolea kwa Kategoria: Hoja Juu ya Kusimamisha Mahojiano

Katika tasnifu nyingi zinazodai kufuata njia ya Glaser na Strauss, yaani njia ya kuijenga nadharia kutokana na data yenyewe, tunakutana na sentensi moja ambayo imekuwa kama ada: baada ya mahojiano kumi na mawili hapakupatikana jambo jipya, kwa hiyo mtafiti akasimama. Makala haya yanapinga sentensi hiyo. Hatusemi kwamba ni ya uwongo; twasema kwamba hata ikiwa kweli, haithibitishi kile inachodai kuthibitisha.

Idadi hiyo ya kumi na mbili ina asili yake. Guest, Bunce na Johnson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba sehemu kubwa ya misimbo ilikuwa imekwisha kujitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Lakini wanawake wale walifanana kwa hali, na maswali waliyoulizwa yalikuwa karibu yale yale. Tena, kilichohesabiwa ni misimbo, si nadharia. Mwaka 2017 Hennink na wenzake waliyapima mahojiano 25, wakakuta kwamba misimbo iliacha kuongezeka kwenye mahojiano ya 9, ilhali maana yake ilihitaji kati ya 16 na 24. Kusikia jambo likitajwa ni kitu kimoja. Kulielewa ni kingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti anawahoji wazazi wa Nairobi kuhusu lugha wanazotumia na watoto wao. Mama mmoja anasema: “Nyanya yake akija tunaongea Kikamba, akiondoka tunarudi Kiswahili.” Katika usimbaji wazi, mtafiti huisoma kauli hiyo kipande kwa kipande na kukipa kila kipande jina la tendo: “kumpokea mgeni kwa lugha yake”, “kurudia mazoea”. Majina haya huyalinganisha na ya mahojiano mengine, hata yale yanayokaribiana yakusanyike chini ya kategoria moja, tuseme “lugha ya heshima”. Katika usimbaji mhimili, ambao Strauss na Corbin waliueleza mwaka 1990, huuliza ni hali gani inayoizusha heshima hiyo, nani huidai, na matokeo yake ni nini kwa mtoto. Glaser aliipinga hatua hii vikali mwaka 1992, akiiona kuwa inailazimisha data iingie katika fremu iliyokwisha tengenezwa. Nami naona onyo lake lafaa kusikilizwa, hasa na wanafunzi wanaojaza fremu hiyo kama fomu. Mwisho huja usimbaji teuzi, ambapo kategoria zote hufungamanishwa na ile iliyo kiini.

Sasa, baada ya wazazi kumi na wawili, “lugha ya heshima” inatajwa kila mara. Je, imekolea? La, haijakolea. Wote wana nyanya anayewatembelea. Hatujui kinachotokea nyanya akiishi nyumbani humo humo, au akiwa amefariki, au mtoto akikataa kuitika kwa Kikamba. Hapa ndipo uteuzi wa sampuli kinadharia unapohitajika: mhojiwa wa kumi na tatu hatafutwi kwa sababu anapatikana, bali kwa sababu kategoria ina pengo.

Glaser na Strauss wenyewe walionyesha njia hii walipochunguza kufa hospitalini. Walianza na wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kisha wagonjwa wa ubongo ambao mara nyingi hawakuwa na fahamu, maana huko mgonjwa hajui kwamba anakufa. Wakaenda kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, ambako kifo hutarajiwa na huja upesi. Halafu wodi ya saratani, ambako huja polepole. Kisha idara ya dharura, ambako huja ghafla. Kila hatua ilichaguliwa ili kuisumbua nadharia iliyopo.

Kwa hiyo mtahini asiulize walihojiwa wangapi. Aombe aonyeshwe, kwa kila kategoria kuu, madokezo ya uchambuzi yenye tarehe: sifa ipi ilijitokeza katika mahojiano gani, mhojiwa gani alitafutwa ili kuipinga, naye alibadilisha nini. Aidha, madokezo hayo yasomwe tena kwa mpangilio tofauti wa wahojiwa. Ikiwa mahojiano ya mwisho yalikuwa makavu kwa sababu tu wahojiwa waliofanana waliachwa nyuma, jambo hilo litaonekana mara moja.

Na pale ambapo wahojiwa wote walipangwa kabla ya usimbaji kuanza, jambo ambalo vibali na fedha hulazimisha mara nyingi, neno kukolea lisitumike kabisa. Mtafiti aandike kategoria zipi zilikamilika, zipi zilibaki na mapengo, na mapengo hayo ni yapi.