DNA ya makaburini haiwezi kutuambia Mswahili ni nani

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Mifupa ya pwani ni ya kati ya mwaka 1250 na 1800. Matokeo yalisambaa haraka, na mitandaoni yakageuka kura ya ndiyo au hapana: kumbe Waswahili ni Waajemi! Wengine wakajibu, aah wapi, ni Waafrika. Nadhani pande zote mbili ziliusoma vibaya. Ila lawama si za wasomaji peke yao, maana hata utafiti wenyewe, mzuri ulivyo, unaacha mlango wazi kwa usomaji huo.

Tuanze na kilichopatikana. Kwa wengi wa watu wale, zaidi ya nusu ya DNA ilitoka Afrika, na hasa kwa upande wa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na katika hiyo sehemu ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Soma tena hapo: ni asilimia 80 hadi 90 ya fungu la Asia, si ya mtu mzima. Kuna fungu dogo la India pia, na baada ya mwaka 1500 hivi damu ya Asia inayoingia inazidi kuwa ya Uarabuni.

Watafiti walijuaje mambo ya wanaume na wanawake? Kwa njia mbili. Mitokondria hurithiwa kwa mama tu, na za watu hawa karibu zote ni za Kiafrika. Kromosomu Y mwanamume huirithi kwa baba tu, na nyingi zilikuwa za Asia. Sasa hapa ndipo penye mtego, kwa sababu kromosomu Y hutembea sawasawa na nasaba ya ukoo: baba, babu, baba wa babu. Mtu akisikia kwamba Y ni ya Kiajemi anaona hadithi ya Washirazi imethibitishwa, basi, yamekwisha.

Hebu tupige hesabu. Mfanyabiashara wa Kiajemi anaoa Mtwapa. Mtoto wake wa kiume ana nusu ya DNA ya baba. Huyo naye akioa binti wa Kiafrika wa pale pale, mjukuu anabaki na robo, kitukuu thumuni, kilembwe moja ya kumi na sita. Kizazi cha kumi, kama miaka 280 hivi, kwa wastani imebaki sehemu moja kati ya 1,024. Na bado kromosomu Y yake ni ile ile ya yule mgeni, na jina la ukoo ni lile lile. Hajadanganya mtu anapotaja nasaba yake, ila ametaja uzi mmoja katika nyuzi 1,024 zilizomfuma.

Watu wa makaburini hawakupungua hivyo. Wana damu nyingi ya Asia, wachache hata zaidi ya nusu. Kwa hiyo ndoa zao hazikufuata mfano wangu. Yawezekana familia zilizokwisha kuchanganyika zilioana zenyewe kwa zenyewe, au wageni waliendelea kuja. Hapo tujiulize swali ambalo ningependa waandishi walipe nafasi kubwa zaidi: haya ni makaburi ya nani? Mengi ni ya watu wenye hadhi, yaliyo karibu na misikiti katika miji ya mawe. Lakini pwani haikukaliwa na matajiri peke yao. Wavuvi, wakulima na watu wa nyumba za udongo walikuwa wengi kuliko wenye makaburi ya matumbawe. Halafu kuna wale walioletwa utumwani kutoka bara katika karne ya 19, ambao watoto na wajukuu wao ni Waswahili leo. Hao kwenye sampuli hawamo kabisa, kwa sababu walikuja baada ya 1800. Anayesema "DNA ya Waswahili" anapaswa kusema "DNA ya baadhi ya waliozikwa vizuri".

Hoja yangu nyingine ni ya tarehe. Watafiti wanakadiria kwamba kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Makadirio haya hutokana na urefu wa vipande vya DNA: kila kizazi vipande vya mababu hukatwakatwa upya, hivyo kadiri vilivyo vifupi ndivyo mchanganyiko ulivyo wa zamani. Njia hii ina kikomo chake. Kama ndoa za mchanganyiko zilifanyika kwa karne kadhaa, tarehe inayotoka ni aina ya wastani, si siku ya harusi ya kwanza.

Pamoja na hayo, ilinganishe na udongo. Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine midogo, na wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya 8. Kuuzunguka palikuwa na nyumba za miti na udongo, na vyungu vya aina inayopatikana bara pia. Yaani mji ulikuwapo, na Waislamu walikuwapo, karne mbili hivi kabla ya tarehe inayotajwa ya mchanganyiko. Na lugha? Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Mgeni aliikuta inasemwa, na watoto wake wakaisema kwa mama zao.

Sasa angalia jinsi vitu hivi visivyolingana. Damu ya Asia kabla ya 1500 ni ya Kiajemi zaidi, lakini maneno ya mkopo katika Kiswahili ni ya Kiarabu zaidi. Ya Kiajemi, kama bandari na pamba, ni machache. Hata neno la Kiarabu likiingia linatii sarufi ya Kibantu: kitabu, vitabu. Dini nayo ina njia yake. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuta Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na wa Kilwa akawaeleza kuwa watu weusi sana wenye chale usoni. Kwa sura tu usingemtambua Mwislamu wa mji ule, achilia mbali Mshirazi.

Kama Uswahili ungekuwa ukoo mmoja, lugha, dini na damu vingefika kwa jahazi moja. Havikufika hivyo. Kila kimoja kina tarehe yake na mlango wake, na kilichoviunganisha ni maisha ya mjini: kusema lugha ya pale, kuswali pale, kuoa na kuzika pale. Mambo hayo hayaachi alama kwenye kromosomu.

Utafiti wa 2023 umetufaa. Umezika dai la zamani kwamba miji hii ilijengwa na wageni watupu, na pia umeonyesha kwamba masimulizi ya Washirazi hayakuwa uongo mtupu. Ila ukiulizwa kama yule kijana wa Kisauni ambaye babu yake alikuwa Mnyasa ni Mswahili au la, maabara haina jibu. Waulize majirani zake.