Kona kwa Kona

Mwanagenzi wa mpima ardhi aliyeamua ugomvi wa shamba la mita 40 kwa 30 anastahili pongezi kwa kutoridhika na pande. Majirani walizipima, zote zikatimia, na ubishi ukabaki palepale. Yeye akavuta futi kamba kona kwa kona: mita 52 upande mmoja, karibu 47.9 upande wa pili. Ramani ilionyesha mstatili, hivyo vipimo vyote viwili vilipaswa kuwa 50. Shamba lilikuwa limelala, na kona ya nyuma imeingia kwa jirani kama mita mbili na nusu.

Mtu atasema vipimo hivyo huonyesha umbo tu, kwani hata mstatili kamili unaweza kuhamishwa wote. Ni kweli, ndiyo maana alianzia kwenye mawe mawili ya mbele, ambayo majirani wote wawili waliyakubali.