Jawabu Pungufu na Kanga Iliyofungwa: Kaida za Grice mbele ya Fumbo

Mwaka 1976 mwanaisimu Elinor Ochs Keenan alichapisha makala juu ya mazungumzo ya wanakijiji wa nyanda za juu za Madagaska, na ndani yake mna jawabu moja dogo lililowasumbua wataalamu wa pragmatiki kwa miaka mingi. Mtu anaulizwa mama yake yuko wapi. Anajibu kwamba mama yuko nyumbani, au yuko sokoni. Msikilizaji wa Ulaya angelisikia jawabu hilo na papo hapo angekata shauri kwamba mjibuji hajui mamaye alipo, kwani lau angelijua angelisema. Msikilizaji wa kijijini hakati shauri hilo. Yeye anajua kwamba habari mpya ni mali adimu mahala ambapo kila mtu anaishi machoni mwa wenziwe, na mwenye mali hiyo haitoi ovyo. Anajua kadhalika kwamba anayesema jambo kwa uwazi hubeba dhima ya yatakayolifuata.

Jawabu hilo ni pungufu, wala hakuna anayelikana upungufu wake. Suala ni kwamba upungufu uleule humfikisha msikilizaji mmoja kwenye maana fulani, na mwengine haumfikishi. Nadharia itakayodai kueleza namna wasikilizaji wanavyoing'amua nia ya msemaji haina budi ieleze tofauti hiyo.

Nadharia iliyokuwa ikitawala siku hizo ni ya mwanafalsafa H. P. Grice. Aliitoa katika mihadhara yake ya mwaka 1967 kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, na sehemu yake mashuhuri ikachapishwa mwaka 1975. Kwa Grice, wazungumzaji wanaongozwa na kanuni ya ushirikiano, na chini yake zimo kaida za mafungu manne: kiasi cha habari, ukweli, uhusiano wa neno na jambo linalozungumzwa, na namna ya kusema. Kazi kubwa ya kaida hizi inaonekana pale zinapovunjwa. Msemaji akivunja kaida waziwazi, msikilizaji hamdhanii kuwa ameacha kushirikiana naye, bali hutafuta maana ya ndani itakayouponya ushirikiano huo. Maana hiyo ndiyo kidokezo.

Grice mwenyewe anao mfano unaofanana mno na ule wa Madagaska. Mtu anaulizwa mwenzake anaishi wapi, naye anajibu kwamba anaishi mahala fulani kusini mwa Ufaransa. Jawabu ni pungufu, na muulizaji alihitaji zaidi. Grice anasema kaida mbili zimegongana: kusema zaidi kungelitimiza kaida ya kiasi, lakini kungelivunja kaida ya ukweli, inayokataza kusema lile ambalo mtu hana ushahidi nalo. Kwa hiyo kinachodokezwa ni kwamba msemaji haujui mji wenyewe. Hoja ni safi na kila hatua yake inafuatana na iliyotangulia, lakini ukiipeleka kijijini kwa Keenan hatua zilezile zinaishia pabaya.

Mtetezi wa Grice hakosi la kusema. Yeye mwenyewe alikiri kwamba zipo kaida nyengine za kijamii, kama ile ya adabu, kando ya hizi nne. Keenan naye hakudai kwamba Wamalagasi hawaijui kaida ya kiasi. Alionesha kwamba huifuata pale habari isipokuwa na thamani wala hatari. Yumkini basi ikaongezwa kaida ya tano, ya kuilinda habari. Tatizo ni kwamba mlango huo ukishafunguliwa haufungiki. Kila jamii itadai kaida yake, na kila mara kaida zitakapogongana itatakiwa kanuni nyengine ya kuamua ipi ishinde. Orodha itarefuka, na msikilizaji, ambaye katika maisha ya kweli huelewa kwa nukta moja, ataonekana kama kadhi aliyezungukwa na vitabu.

Dan Sperber, mwanaanthropolojia wa Kifaransa, na Deirdre Wilson, mwanaisimu wa Kiingereza, waliifuta orodha nzima. Katika kitabu chao cha mwaka 1986 walibakisha jambo moja tu, ambalo kwa Kiswahili aghalabu huitwa uhusiano. Neno hilo lina kasoro, kwa kuwa humrejesha msomaji kwenye kaida ya tatu ya Grice, ilhali kinachokusudiwa kinakaribia zaidi faida ya mfanyabiashara. Kauli huwa na faida kubwa kadiri inavyobadilisha mambo mengi katika fikra za msikilizaji: kumzalia hitimisho jipya, kuithibitisha dhana aliyokuwa nayo, au kuiondoa. Nayo hupungukiwa na faida kadiri inavyomgharimu jitihada ya kuielewa. Anayesema waziwazi, kwa kule kujitokeza kwake tu, anaahidi kwamba kauli yake haitamtia msikilizaji hasara. Msikilizaji, akiishika ahadi hiyo, huanza na maana iliyo karibu zaidi na akili yake. Ikilipa, anasimama hapo. Isipolipa, anaiendea inayofuata.

Hapo pana jambo ambalo wahakiki wengi hulipita. Katika toleo la kwanza, upande mmoja wa ahadi hiyo ulikuwa kwamba msemaji amechagua kauli yenye faida kubwa kwa ajili ya kile anachotaka kukifikisha. Katika toleo la pili la mwaka 1995, waandishi waliiandika upya. Ahadi ilibaki na pande mbili, nazo zikawa hivi: kauli ina faida ya kutosha kustahili jitihada ya msikilizaji, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote zinazolingana na uwezo wa msemaji pamoja na mapendeleo yake. Neno mapendeleo linaonekana dogo, lakini ndilo linalolibeba jawabu la Madagaska.

Msikilizaji wa kijijini anaposikia nyumbani au sokoni, faida ya kutosha ameshaipata: mama hayuko shambani, na anayemtaka anajua pa kuanzia. Je, mbona hakuambiwa zaidi? Ama mjibuji hawezi, ama hapendi. Kusini mwa Ufaransa, katika mfano wa Grice, hakuna sababu ya kudhani kwamba msemaji anauficha mji, kwa hiyo dhana ya kutoweza ndiyo iliyo karibu, na kidokezo cha kutojua kinazaliwa. Kijijini dhana ya kutopenda iko karibu sawasawa na ile ya kutoweza, pengine karibu zaidi, na msikilizaji hana haja ya kuchagua. Anasimama hapo alipofika. Mchakato ni mmoja katika nchi zote mbili, na kilichotofautiana ni zile dhana ambazo kila msikilizaji amekaa nazo.

Kwa wasomaji wa visiwa hivi mtihani mgumu zaidi uko karibu na nyumbani, kwenye kanga. Chukua mgeni aliyekuja Unguja kwa ahadi ya juma moja, na sasa ameingia mwezi wa pili. Asubuhi moja mwenyeji wake anatoka uani na sinia ya chai, kajifunga kanga yenye jina lisemalo: Mgeni njoo mwenyeji apone.

Kwa kaida za Grice, fumbo hili ni kejeli, na kejeli ni uvunjaji wa wazi wa kaida ya ukweli: msemaji anasema asiloliamini ili aeleweke kinyume chake. Lakini kinyume cha methali hiyo ni kipi? Mgeni usije? Amekwishakuja. Mwenyeji haponi? Hakuna aliyedai kwamba anaumwa. Sperber na Wilson, tangu makala yao ya mwaka 1981, waliiona kejeli kwa njia nyengine: msemaji anaurudisha mwangwi wa maneno au fikra za watu, huku akionesha kwamba yeye yuko mbali nazo. Maelezo haya yanaikaa kanga vizuri. Mwenyeji anaurudisha mwangwi wa yale ambayo kila mstaarabu huyasema juu ya wageni, na yumkini aliyoyasema mwenyewe mlangoni siku ya kwanza. Uchungu wake unatoka huko, kwa kuwa mgeni anayasikia makaribisho yake yakirudi yakiwa yamechacha.

Namna ya kuipima hoja hii ni kuyabadilisha mazingira na kuyaacha maneno palepale. Kanga hiyohiyo siku ya kuwasili ni makaribisho, kwani maana iliyo karibu inalipa na mgeni anasimama hapo. Katika mwezi wa pili makaribisho hayalipi tena, kwani hayamzidishii mgeni chochote, naye analazimika kwenda mbele. Na iwapo kanga nyengine zote zimeanikwa na maji yangali yakichuruzika, inakuwa haki kudhani kwamba hakuna aliyekusudia lolote.

Hilo la mwisho ndilo linaloigusa nadharia penye udhaifu. Ahadi ya faida hubebwa na tendo la wazi tu, yaani lile ambalo msemaji anaonesha kwamba anakusudia kufikisha jambo, na pande zote mbili zinajua kwamba anaonesha. Mwenyeji hakuliandika jina la kanga. Limechapwa kiwandani, na wengi wamelivaa siku hiyohiyo. Anataka mgeni afahamu, lakini hataki ijulikane kwamba amemfahamisha. Waandishi hawakulisahau jambo hili. Kitabuni mwao yumo Mary, mwenye mashine mbovu ya kukaushia nywele, anayetaka Peter amtengenezee bila ya kumwomba. Anaifungua na kuvisambaza vipande vyake pale Peter atakapoviona. Kwao hayo si mawasiliano kamili, kwa kuwa nia ya kufahamisha ipo ila imefichwa.

Uamuzi huo ni wa haki kwa nadharia, ila unaacha nje sehemu kubwa ya sanaa ya fumbo la pwani. Fumbo la kanga halijafichwa kama vipande vya Mary, kwani jamii nzima inajua kwamba kanga husema. Wala si la wazi kama kauli ya mdomo, kwani jamii hiyohiyo imempa mvaaji ruhusa ya kulikana. Sperber na Wilson wanakiri kwamba uwazi wa nia una daraja zake, lakini juu ya kukana kulikoruhusiwa na wote wanasema machache. Pana pia lawama ya zamani kwamba faida na jitihada hazina mizani. Hulinganishwa tu, zaidi kwa pungufu, na mhakiki mzembe anaweza kuieleza tafsiri yoyote baada ya kuipata. Mwenye insafu atasema kabla ni dhana ipi iliyo karibu zaidi na msikilizaji, na kwa sababu gani, ndipo alitazame fumbo lenyewe.

Mgeni wa mwezi wa pili hana nafasi hiyo. Anakunywa chai yake akikadiria, naye akiuliza, ataambiwa kwamba kanga ni nguo tu, na mbona leo chai haimpendezi.