Vous kwa mnunuzi wa pilipili manga

Kinole, kwenye miteremko ya Uluguru, mkulima wa viungo akimpokea mnunuzi asiyemfahamu, heshima yake imo kwenye "shikamoo" na kwenye kumwita mtu "mama" au "mzee". Wewe hubaki wewe, kwa mtoto na kwa babu. Kifaransa kinaidai heshima hiyo ndani ya kiwakilishi na kitenzi, na Kiingereza hakimpi mfasiri msaada wowote, kwa kuwa you haisemi kama anayeandikiwa ni mmoja au wengi, rafiki au mgeni.

Chukulia kikundi cha wakulima wa huko kimeandika barua pepe ya Kiingereza kwa mama mmoja anayenunua viungo kwa niaba ya kampuni ya Ufaransa. Hawajawahi kuonana. Barua inaanza kwa Dear na jina lake la kwanza, inamshukuru kwa ujumbe wake, inasema sampuli ya pilipili manga iliyokaushwa iko tayari, inauliza zinahitajika kilo ngapi, kisha inatumaini kwamba sampuli itamridhisha. Ifasiriwe kwa tu au kwa vous?

Kinachowapotosha wengi ni lile jina la kwanza. Wanadhani aliyeitwa kwa jina lake tu ni mtu wa karibu, hivyo wanaandika kwa tu. Kwa Kiingereza cha biashara, jina la kwanza ni mazoea ya kawaida hata kwa mgeni kabisa. Hata Wafaransa wenyewe huandika Bonjour, wakaweka jina la kwanza, kisha wakaendelea na vous hadi mwisho. Kwa barua hii ya kwanza, Bonjour Madame inatosha, na kiwakilishi ni vous.

Sasa tazama swali la kilo. You inayohitaji kilo si yule mama, ni kampuni yake. Kwa vous hakuna shida, kwa sababu neno hilohilo hubeba mtu mmoja kwa heshima na watu wengi pia: Pourriez-vous nous dire combien de kilos vous souhaitez ? Ukichagua tu, lazima umtenganishe yeye na kampuni: Peux-tu nous dire combien de kilos vous souhaitez ? Ukisahau na kuandika tu souhaites, utakuwa unamuuliza kilo za jikoni kwake.

Sentensi ya kuridhika ndiyo ngumu kuliko zote. Vous hukipa kitenzi umbo la wingi hata kama anayeandikiwa ni mmoja, lakini kivumishi hufuata hali halisi ya mtu. Kwa mama huyu utaandika vous serez satisfaite. Angekuwa mwanamume ni satisfait. Ukiikusudia kampuni nzima ni satisfaits. Mfasiri anayeongeza s kwa mazoea, akidhani vous ni wingi kila mara, anaharibu sentensi iliyokusudiwa kuwa ya adabu. Kama hujui anayeandikiwa ni mwanamke au mwanamume, usibahatishe. Igeuze sentensi: Nous espérons que l'échantillon vous conviendra. Hapo hakuna kivumishi cha kukosea, na Kifaransa chake ni kizuri.

Je, vous haitamfanya mnunuzi aone anawekwa mbali? Pengine, hasa kwenye kampuni changa ambazo watu wake huitana kwa tu tangu siku ya kwanza. Lakini kutoka vous kwenda tu ni rahisi: yeye, aliye mteja, atapendekeza, au atajibu kwa tu, nawe utamfuata. Kurudi kutoka tu kwenda vous husomeka kama ugomvi. Ndiyo maana naona vous ndiyo chaguo sahihi kwa barua ya kwanza, hata pale Kiingereza chake kinapoonekana cha kirafiki sana. Akishaleta tu, mjibu kwa tu. Ila barua ikielekezwa kwake pamoja na mkuu wake, rudi kwenye vous ya wingi, na hapo hakuna atakayeona umenuna.

Kosa linalobaki ni kuchanganya. Mwili wa barua una vous, kisha mwishoni inachomoza s'il te plaît au Bien à toi, mara nyingi kwa kuwa kipande kimenakiliwa kutoka barua nyingine. Msomaji Mfaransa huliona mara moja. Cordialement ni salama, kwa kuwa haina kiwakilishi chochote. Kabla ya kutuma, tafuta katika maandishi tu, te, t', toi, ton, ta na tes, kisha angalia vitenzi vya kuamuru, maana envoie na dis havina kiwakilishi cha kuvifichua. Kimoja kikibaki, barua isitoke.