Uzi wa Dunia na Mwezi

Katika mazoezi yote ya elimu ya anga anayopewa mwanafunzi akafanye nyumbani, ninaloliheshimu zaidi ni la kufinyanga Dunia na Mwezi kwa udongo. Swali lenyewe ni fupi: mbona jua halipatwi kila mwezi? Mchoro wa kitabuni haumsaidii, kwani ili utoshe kwenye ukurasa huusogeza Mwezi karibu mno na Dunia, na hapo kivuli hakikosi kulenga.

Finyanga basi Dunia yenye upana wa sentimita 12. Mwezi wake utakuwa wa sentimita 3.3, sawa na ndimu ndogo. Kisha kata uzi wa kuonyesha umbali baina yao. Anayekisia hukata nusu mita, na uzi sahihi ni mita 3.6, kutoka ukuta mmoja wa chumba hadi karibu na wa pili, maana kati yetu na Mwezi zingepangika Dunia 30 hivi.

Uzi huo ndio uzuri wa kazi hii. Njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5 tu ukilinganisha na njia ya Dunia kulizunguka Jua. Karatasini mwinamo huo hauonekani kuwa kitu, lakini huko mwisho wa uzi unainua ndimu hadi sentimita 32 juu ya usawa, au kuishusha kiasi hichohicho. Kivuli kizito cha Dunia, kikifika huko, kimekonda na kubaki sentimita 9 hivi. Ndiyo maana mwezi mpevu kwa kawaida hupita juu au chini ya kivuli, uking'aa vilevile. Kupatwa hutokea pale tu Mwezi unapopevuka, au unapofichika kabla ya kuandama, ukiwa karibu na mahali njia hizo mbili zinapokatana.

Hapo pia linaanguka kosa la kudhani kwamba kivuli cha Dunia ndicho kinachoukata mwezi nusu. Tazama nusu mwezi wa juma la kwanza, saa kumi alasiri: Jua liko magharibi, Mwezi uko juu sana. Kivuli cha Dunia daima huelekea upande ulio kinyume na Jua, kwa hiyo hakiwezi kuufikia. Giza lile ni upande wa Mwezi usiomulikwa.

Na uzi hauna urefu mmoja. Njia ya Mwezi si duara kamili, hivyo hucheza baina ya mita 3.4 na 3.8. Tarehe 1 Septemba 2016, huko Rujewa mkoani Mbeya, Mwezi ulipita katikati ya Jua ukiwa mbali, ukashindwa kulifunika lote, na watu wakaona pete ya moto kwa takriban dakika tatu. Tarehe 21 Mei 2031 pete nyingine itapita Tanzania. Wenye watoto shuleni, wafinyangisheni mapema, na siku hiyo wavae miwani maalumu ya kutazamia jua.